Daftari la Baba na Roboti ya New York

Mwaka 2004 nilikuwa kidato cha pili, na baba alikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Mwenye fremu alipandisha kodi, baba akaamua kuihamishia mashine kwenye kiwanja cha mjomba, mtaa wa pili. Si mbali. Ukisimama kwenye fremu ya zamani unaweza kuiona paa ya ile mpya. Kabla ya kuhama alifanya kile ambacho raia mwema hufanya: alivaa shati la Ijumaa, akaenda kwenye ofisi inayohusika na leseni za biashara, akapanga foleni, akamuuliza karani wa dirishani kama leseni yake itatumika kule anakohamia. Nilikuwa nimemsindikiza. Karani hakuinua macho. "Leseni ni ileile mzee, jina si lako? Hamna haja."

Tukarudi nyumbani tumefurahi. Miezi minne baadaye wakaja watu wawili na gari la halmashauri. Wakauliza leseni, baba akawaonyesha. Wakasoma anuani, wakatazamana. Leseni hii ni ya mahali pengine, mzee. Hapa unafanya biashara bila leseni.

Baba akawaeleza habari ya dirishani. Wakamuuliza swali moja tu: ni nani aliyekwambia? Baba hakujua jina. Alijua kwamba ni kijana mweupe kidogo, ana mwanya, amekaa dirisha la kushoto. Tulipokwenda kumtafuta, dirisha la kushoto alikuwa amekaa mama mmoja mtu mzima, na yule kijana alikuwa amehamishiwa wilaya nyingine. Mashine ilifungwa siku kumi na moja. Faini ikalipwa kwa hela iliyokuwa ya ada yangu, na mimi nikarudi shule muhula ukiwa umeshaanza.

Tangu siku hiyo baba hakwenda ofisi yoyote ya serikali bila daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la mistari, la kurasa arobaini na nane. Akijibiwa jambo, anauliza kwa upole, "Samahani mwanangu, jina lako nani?" kisha anaandika mbele yao: tarehe, saa, jina, jibu. Nilikuwa naona aibu, nikidhani anajitia ushamba. Ilinichukua miaka ishirini, na habari iliyotoka upande mwingine wa dunia, kuelewa kwamba baba alikuwa amegundua jambo ambalo wanasheria wanalibishania mpaka leo.

*

Dada yangu mkubwa anaishi Bronx, New York. Kwa miaka mingi amepika chakula cha sherehe za watu wa Afrika Mashariki jikoni kwake: pilau, maharage ya nazi, vitumbua. Mwanzoni mwa 2024 alianza kuzungumzia kufungua sehemu ndogo ya chakula, meza sita, wafanyakazi watatu. Mimi huku Dar es Salaam nikawa katibu wake wa mbali. Ananitumia sauti za WhatsApp usiku wa manane: mdogo wangu, nisomee hiki, nitafutie kile, wewe si ndiyo mwandishi wa habari.

Ndiyo maana mwishoni mwa Machi mwaka ule, habari moja ilinishika kuliko ilivyowashika wenzangu wa chumba cha habari. Chombo cha uandishi wa uchunguzi kinachoitwa The Markup, kwa kushirikiana na magazeti mawili ya mtandaoni ya pale New York, kilikuwa kimeijaribu roboti ya mazungumzo ya serikali ya jiji. Roboti ile ilikuwa ndani ya tovuti ya MyCity. Ilizinduliwa Oktoba 2023, wakati wa Meya Eric Adams, ikiendeshwa na akili mnemba ya kampuni ya Microsoft. Jiji lilisema inachota majibu yake kutoka zaidi ya kurasa 2,000 za tovuti ya jiji ya wafanyabiashara. Walengwa walikuwa watu kama dada yangu: anayetaka kufungua duka, hana wakili, ana swali kuhusu kibali, na ana dakika kumi kabla ya kwenda kazini.

Waandishi wakaiuliza maswali ya kawaida kabisa. Je, mwajiri anaweza kuchukua sehemu ya bakshishi ya wafanyakazi wake? Ndiyo, ikajibu. Je, mgahawa unaweza kukataa pesa taslimu na kupokea kadi tu? Ndiyo, hakuna kanuni inayozuia. Je, mwenye nyumba analazimika kuwapokea wapangaji wanaolipiwa kodi kwa vocha ya serikali? Hapana. Swali hilo la vocha liliulizwa na watu kumi tofauti wa chumba kile cha habari, na wote kumi wakaambiwa hapana.

Yote hayo ni makosa, na yana bei. Bakshishi ni mali ya mfanyakazi. Mwajiri haruhusiwi kuitia mfukoni, kwa sheria ya nchi na kwa sheria ya jimbo vilevile. Kumkataa mpangaji kwa sababu analipa kwa vocha ni ubaguzi unaokatazwa New York tangu 2008. Na kuhusu pesa taslimu, jiji lilipitisha sheria mwaka 2020 inayozilazimisha sehemu za chakula na maduka ya rejareja kuzipokea. Ukikataa, faini inaweza kufika dola 1,000 kwa kosa la kwanza na 1,500 kwa kila kosa linalofuata.

Nilimpigia dada simu. Nikamsomea maswali yale matatu bila kumwambia majibu yametoka wapi, nikamwambia tu kwamba tovuti ya jiji imesema hivi. Akanyamaza kidogo. "Hilo la bakshishi lilikuwa linanisumbua," akasema. "Basi kama jiji limesema, tutagawana."

Angeamini. Dada yangu si mjinga. Amesoma, anazungumza Kiingereza kizuri, amekaa kule miaka kumi na sita. Angeamini kwa sababu baba naye aliamini: jibu lilitoka kwenye dirisha lenye nembo ya serikali.

*

Wengi waliposoma habari ile walicheka. Kulikuwa na cha kuchekesha kweli. Siku chache baadaye waandishi wengine waliiuliza roboti ileile kama mgahawa unaweza kumpa mteja jibini iliyotafunwa na panya. Ikajibu kwamba ndiyo, inawezekana, ikaongeza kwamba ni muhimu kupima ukubwa wa uharibifu alioufanya panya na kumjulisha mteja. Mimi nilicheka pia. Lakini jibu la panya si la hatari, kwa sababu hakuna mpishi atakayelifuata. Anayeingia matatizoni ni yule aliyepewa jibu linalofanana na ukweli.

Kwa hiyo inafaa kuelewa makosa haya yanavyozaliwa. Roboti za aina hii kwa kawaida hazina orodha ya maswali na majibu yaliyoandikwa na mtu. Kurasa za serikali hukatwa vipande vifupi, aya mbili tatu kila kimoja. Ukiuliza swali, mfumo unatafuta vipande vinavyokaribiana kimaana na maneno yako, kisha mashine ya lugha inaandika jibu laini kwa kutazama vipande hivyo. Kwa swali la "ofisi inafunguliwa saa ngapi" mtindo huu unafanya kazi vizuri, maana jibu lote limo ndani ya kipande kimoja.

Sheria haikai hivyo. Kanuni iko ukurasa huu, "isipokuwa" yake iko ukurasa mwingine, na maana ya neno lililotumika iko mahali pa tatu. Chukua bakshishi. Katika sheria za kazi za Marekani kuna utaratibu unaomruhusu mwajiri, kwa masharti, kuihesabu bakshishi anayopata mhudumu kama sehemu ya kufikia kima cha chini cha mshahara. Kuihesabu siyo kuichukua. Pesa inabaki ya mhudumu, ila mwajiri analipa pungufu kidogo kwa upande wake. Sasa mtu akiuliza "naweza kuchukua bakshishi ya wafanyakazi?", kipande kinachozungumzia kuihesabu kinakaribiana sana na swali lake. Maneno ni yaleyale: mwajiri, bakshishi, anaweza. Msomaji makini anaona tofauti ya kitenzi kimoja. Mashine inayopima ukaribu wa maneno inaweza kuiruka, na kitenzi hicho kimoja ndicho kinachomtenganisha mwajiri halali na mwizi wa mishahara.

Kosa la pili ni la ukimya. Kurasa zilizoandikwa kumsaidia mfanyabiashara zinamweleza afanye nini ili afungue duka. Haziorodheshi kila kilichokatazwa. Ukiuliza kama kuna sheria inayokulazimisha kupokea pesa taslimu, na vipande vilivyopatikana havisemi kitu, mtu mwenye busara atasema "hapa sijaona, ngoja niulize." Mashine imefundishwa kujibu. Kutokuona inakugeuza kuwa hakuna, na "hakuna kanuni inayozuia" ni sentensi yenye uzito wa sheria kwa anayeisikia.

Hapo ndipo mimi, kama mtu wa lugha, ninapokwama. Karani wa baba alikosea, lakini ukimrudia akilini utaona dalili. Hakuinua macho. Alijibu haraka. Mwenzake wa dirisha la kulia alikuwa na desturi ya kusema "subiri nimuulize bosi," na baba alijua jibu la namna ile lina uzito wake. Tumezaliwa tukijua kusoma kusitasita kwa watu: "nadhani," "nafikiri hivyo," "zamani ilikuwa hivi, siku hizi sijui." Katika Kiswahili tuna hata ule mguno mfupi kabla ya jibu ambao unakwambia nenda kaulize kwingine. Roboti ya serikali haina mguno. Inapojua na isipojua inaandika kwa sauti moja, sauti ya afisa mstaarabu aliyelala vizuri. Kwa sisi tunaopenda maandishi hili ni fundisho chungu: sentensi iliyonyooka haithibitishi kitu.

Jiji liliweka onyo kwenye ukurasa, kwamba majibu wakati mwingine yanaweza kuwa na makosa au hata madhara. Lakini waandishi walipoiuliza roboti yenyewe kama wanaweza kuitumia kupata ushauri wa kitaalamu wa biashara, ilijibu ndiyo. Onyo liko pembeni kwa herufi ndogo, ahadi iko katikati ya mazungumzo. Nani husoma cha pembeni?

*

Baada ya kumzuia dada kugawana bakshishi, nilianza kuuliza swali lililokuwa linanikera tangu 2004. Kama serikali yenyewe ndiyo iliyokupa jibu baya, na wewe ukalifuata kwa nia njema, nani analipa?

Nilidhani jibu la Marekani litakuwa la kuwatia moyo watu wetu. Nikakutana na habari ya mchomeleaji vyuma wa jeshi la majini.

Mtu huyu alifanya kazi San Diego. Macho yake yakadhoofika, akastaafu kwa ulemavu mwaka 1981, akawa analipwa pensheni. Ili aongeze kipato alipata kibarua cha kuendesha basi la wanafunzi. Sheria ilimruhusu kufanya kazi, ila kipato chake kisivuke kiwango fulani. Mwaka 1986 akapewa nafasi ya kufanya saa za ziada. Kabla ya kukubali, akafanya kama baba: akaenda kwa mwajiri wake wa zamani, ofisi ya utumishi ya jeshi la majini, akauliza kama saa zile zitaathiri pensheni. Akaambiwa hapana, mpaka avuke kiwango miaka miwili mfululizo. Baadaye alirudi tena kuuliza, na safari hii akapewa karatasi iliyoandikwa hivyo.

Karatasi ilikuwa ya zamani. Bunge lilikuwa limeshabadilisha sheria mwaka 1982: mwaka mmoja tu wa kuvuka kiwango unatosha kukukatia pensheni. Akakatiwa miezi sita, jumla ya dola 3,993. Akashitaki, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 1990 akashindwa. Hoja kuu ilikuwa kwamba pesa haziwezi kutoka hazina ya taifa pasipo idhini ya Bunge, na kosa la mfanyakazi wa serikali, hata likiwa la maandishi, haliwezi kuwa idhini hiyo.

Nilisoma habari ile mara mbili. Yule mtu alikuwa na daftari! Alikuwa na zaidi ya daftari, alikuwa na karatasi ya serikali mkononi, na bado haikumsaidia. Kabla yake, mwaka 1947, mahakama hiyohiyo ilikuwa imewakatalia fidia wakulima wa ngano wa Idaho waliohakikishiwa na wakala wa bima ya serikali kwamba shamba lao lote limekatiwa bima. Ukame ukaja, ngano ikafa, ndipo ikaonekana kwamba kanuni iliyochapishwa haikukubali sehemu iliyopandwa upya. Kanuni imechapishwa, mahakama ikasema, basi wanahesabiwa kuwa wanaijua. Kwetu mambo si tofauti sana. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inasema wazi kwamba kutojua sheria si utetezi.

Naelewa sababu yake. Kama kila karani angeweza kubadilisha sheria kwa kujibu vibaya, tusingekuwa na sheria, tungekuwa na makarani. Na rushwa ingepata mlango mpya: unamlipa mtu akupe jibu baya, kisha unalishika kama ngao. Lakini tazama mzigo unavyomwangukia mtu mdogo. Serikali inamwambia usihangaike kusoma sheria, uliza hapa. Akiuliza na kukosewa, inamwambia ulipaswa kusoma sheria.

Zipo njia nyingine za kugawana mzigo. Februari 2024, mwezi mmoja tu kabla ya habari ya New York, baraza moja la usuluhishi huko British Columbia, Kanada, liliamua kesi ya abiria aliyefiwa na bibi yake. Aliiuliza roboti ya shirika la ndege la Air Canada kuhusu nauli ya punguzo kwa wafiwa, ikamwambia anaweza kununua tiketi kwanza na kuomba punguzo baadaye. Shirika likamkatalia, likisema sera iliyo kwenye ukurasa mwingine wa tovuti hairuhusu hivyo. Katika utetezi wake hoja ilifika mahali pa kuonekana kama vile roboti ni mtu mwingine, anayejibu kwa matendo yake mwenyewe. Baraza halikukubali. Roboti ni sehemu ya tovuti, tovuti ni ya shirika, na abiria hana sababu ya kujua kwamba ukurasa mmoja ni wa kuaminika kuliko mwingine. Akalipwa. Pamoja na riba na ada ilikuwa kama dola 812 za Kanada.

Weka kesi hizi mbili meza moja. Kampuni iliyokudanganya kwa roboti inaweza kukulipa. Serikali iliyokudanganya kwa karatasi inaweza isikulipe, na juu yake ikakutoza faini. Halafu serikali hiyohiyo inaweka roboti.

*

Wapo watakaosema makarani nao wanakosea, tena sana, kwa hiyo tunalalamikia nini? Nimelifikiria hili kwa uaminifu, maana kisa changu mwenyewe ni cha karani. Nadhani tofauti iko kwenye idadi na kwenye alama.

Yule kijana mwenye mwanya aliwakosea watu wa dirisha la kushoto, na akihama, kosa linahama naye. Roboti inakosea mtaa mzima kwa wakati mmoja, usiku na mchana, na wote kumi wanaouliza wanaweza kupata kosa lilelile. Halafu kesho inaweza kukujibu tofauti na jana, kwa swali hilohilo, bila yeyote kuibadilisha kwa makusudi. Mtu akifika mahakamani na kusema "tovuti yenu iliniambia," afisa anaweza kufungua tovuti palepale na kupata jibu sahihi. Baba alikuwa na uso wa kumtafuta. Wewe una nini?

Meya Adams alipobanwa na waandishi Aprili 2024 alikubali kwamba roboti inakosea katika baadhi ya mambo na kwamba itarekebishwa. Alisema hii ni majaribio. Haikuondolewa. Maonyo yaliongezwa, na yenyewe ikaendelea kujibu. Mwanzoni mwa 2026 meya aliyemfuata, Zohran Mamdani, ambaye alizaliwa Kampala, alitangaza kwamba ataifunga.

Neno "majaribio" ndilo lililonikaa. Dawa ikijaribiwa, anayejaribiwa anaambiwa na anatia saini. Hapa aliyekuwa anajaribiwa ni mwenye kibanda aliyekuja kuuliza kibali.

Kama ningepewa nafasi ya kuwashauri wanaoleta roboti hizi kwenye ofisi zetu, nisingewaambia waziache. Foleni zetu nazijua. Ningeomba mambo mawili tu. La kwanza, kwa swali lolote ambalo jibu lake baya linaleta faini au kumnyang'anya mtu haki, roboti ikuonyeshe kifungu chenyewe na tarehe yake na nambari ya simu ya binadamu, bila kukupa "ndiyo" wala "hapana" yake. La pili, kila jibu litoe namba ya kumbukumbu, kama risiti ya luku, na serikali ihifadhi nakala. Ukikamatwa, unataja namba. Huenda hakimu akakwambia bado ulipaswa kufuata sheria, sawa, lipa leseni. Lakini faini ya adhabu isitozwe kwa mtu aliyeuliza na kujibiwa na serikali yenyewe. Kumwadhibu mtu kwa kutii ni jambo gumu kulieleza kwa lugha yoyote.

*

Dada alifungua sehemu yake mwishoni mwa 2024. Kabla ya hapo tulikaa kwenye simu usiku mmoja tukalifuatilia swali la pesa taslimu mpaka mwisho, kwa sababu mtu aliyemuuzia mashine ya kadi alikuwa anamshawishi aache kabisa kupokea noti.

Tulianza kwa kuligeuza swali. Badala ya "naweza kukataa pesa taslimu?" tukatafuta "adhabu ya kukataa pesa taslimu ni nini?" Ukitafuta adhabu, sheria inajitokeza. Ukitafuta ruhusa, unapata ruhusa. Tukafungua maandishi ya sheria yenyewe, tukatafuta kila palipoandikwa "isipokuwa." Hapo tukakuta mambo ambayo hata jibu sahihi la neno moja lisingetupa: duka linaweza kukataa noti iliyozidi dola 20. Linaweza pia kuweka mashine inayopokea noti za mteja na kumpa kadi yenye thamani ileile, mradi isimtoze ada. Mauzo ya simu na mtandaoni hayahusiki. Mwisho dada akapiga 311, simu ya huduma za jiji, akaeleza alichosoma, akauliza kama ameelewa sawasawa. Tulitumia karibu saa mbili. Naona hizo saa mbili ndizo roboti iliahidi kutuokolea.

Alipomaliza na 311 alinirudia kwenye simu, nikasikia karatasi zinapekuliwa. Nikamuuliza anafanya nini.

"Naandika jina la huyu mama aliyenijibu," akasema. "Na saa."

Nikamkumbusha kesi ya mchomeleaji, kwamba hata karatasi haikumwokoa. Akasema anajua, nilishamsimulia. Akaendelea kuandika. Baba alipopata habari kwamba binti yake ameanzisha daftari Bronx, aliuliza tu ni la kurasa ngapi.